Insha ya Akiba: Fedha za Pamba na Sanduku la Makufuli Matatu

Wanafunzi wa sekondari wapewapo insha juu ya faida ya kuweka akiba, wengi huandika kwamba akiba haiozi, kisha hawana la kuongeza. Twaona ni heri mwanafunzi ashike habari ya mtu mmoja na kuifuata kwa hesabu, kama tuonyeshavyo hapa.

Mwanzo wa insha ueleze shida yenyewe. Mkulima wa pamba wa Usukuma hupata fedha za pamba mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Bali haja zake huja mwaka mzima. Tuseme mwezi wa Januari mtoto wake ahitaji sare, madaftari na godoro la bweni, jumla shilingi 100,000. Fedha za mavuno zimekwisha, naye akopa kwa mtu kwa sharti la kulipa 150,000 akiisha kuuza pamba. Basi amepoteza shilingi 50,000 kwa kukosa akiba.

Katikati ya insha ionyeshe njia ya pili. Mkulima yule aingia katika kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi vya namna hii vilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha vikaenea katika nchi zetu. Fedha hutiwa katika sanduku lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000. Akiisha kuuza pamba, mkulima anunua hisa 5 kila juma kwa majuma 10, yaani hisa 50 za shilingi 100,000. Wanakikundi wote wana hisa 1,000, yaani shilingi 2,000,000; na waliokopa wameleta faida ya 200,000. Wakigawana mapema Januari, kila hisa ni shilingi 2,200. Mkulima apata 110,000. Anunua vitu vyote, na 10,000 zasalia mkononi.

Mwisho wa insha usifiche hatari. Mikopo isiporudi kabla ya siku ya kugawana, sanduku huwa na karatasi za madeni badala ya fedha. Kwa hiyo mikopo ya mwisho hukomeshwa majuma kadhaa mbele. Tena fedha zihesabiwe mbele ya watu wote, na kila mtu ajue jumla iliyosomwa mkutano uliopita. Kikundi ambacho hesabu yake hufanywa faraghani chafaa kuogopwa.

Hapo mwanafunzi ataweza kufunga insha yake kwa neno moja la hakika: mkulima wa kwanza na wa pili walivuna sawasawa, lakini Januari walitofautiana kwa shilingi 60,000.