Je, Wajua: Hali Huulizwa Kila Siku, Tabia Hujulikana kwa Miaka

Anayebisha hodi kwa jirani yake asubuhi pale Ikwiriri huulizwa hali, wala haulizwi tabia, kwa kuwa hali ni jambo la kupita, ambalo jana lilikuwa vingine na kesho huenda likageuka, ilhali tabia ya mtu haijulikani ila kwa kukaa naye miaka mingi, ukamwona katika furaha na ghadhabu, katika shibe na katika njaa. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na hilo la pili lina nasaba na kupiga chapa. Tabia ni kile kilichokwisha kupigwa chapa ndani ya kitu. Basi yalipotafutwa majina ya mambo ya anga, maneno haya yaliwekwa mahali pake barabara: mvua, upepo, joto na mawingu ya leo na ya juma hili yakaitwa hali ya hewa, na ule mwenendo wa mvua, upepo na joto ambao mahali pameuzoea, ukikadiriwa kwa miaka mingi, ukaitwa tabia ya nchi, kisha kwa mkato tabianchi.

Lugha, kwa hiyo, haikutupungukia. Taksiri imo katika kuyatumia maneno, maana katika magazeti na redio ibara ya "mabadiliko ya hali ya hewa" hubebeshwa maana mbili: leo ni onyo la upepo mkali na mawimbi kwa wavuvi, kesho ni jina la kuongezeka kwa joto la dunia nzima kulikoanza kabla babu zetu hawajazaliwa. Wapo waandishi wanaoikwepa "tabia ya nchi" kwa hofu kwamba msikilizaji atadhani zinasemwa tabia za serikali au za wananchi, na hofu hiyo ina haki yake. Lakini neno la mkato, tabianchi, limekwisha kuiondoa shubuha hiyo, nami sioni udhuru uliobaki.

Tutazame masika ya mwaka 2024 katika bonde la Rufiji, ambako msomaji alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Mwezi wa Aprili mto ulifurika, maji yakaingia makaazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Na kabla bonde halijakauka, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika karibu na kisiwa cha Mafia, kinachotazamana na delta. Katika muda wa wiki chache watu walisikia mvua, mafuriko, kimbunga, Elnino na tabianchi vikitajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ni majina matano ya mtu mmoja.

Ama kimbunga, hicho kilikuwa hali ya hewa: kilizaliwa baharini, kikapewa jina, kikasafiri, kikafa, na yote hayo katika siku chache. Nahodha wa Nyamisati anayetaka kuvuka kwenda Mafia hana haja siku hiyo na wastani wa miaka. Ataka kujua upepo wa saa ishirini na nne zijazo, na akisikia tu kwamba "kuna mabadiliko ya hali ya hewa", hakuambiwa kama afunge chombo au asafiri. Lakini kwamba vimbunga ni nadra katika pwani hii, hilo ni jambo la tabianchi: tu karibu mno na ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayouzungusha upepo hata ukawa kimbunga ni hafifu. Nadra si muhali, maana Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 minazi na mikarafuu ikalala chini, na Lindi ikapigwa mwaka 1952.

Elnino nayo si hali ya hewa wala si tabianchi iliyobadilika. Ni joto la maji ya juu ya bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, linalopanda kila baada ya miaka miwili hadi saba na aghalabu hudumu kiasi cha mwaka, na ambalo likipanda huongeza mara nyingi mvua zetu za vuli. Ni kama homa ya vipindi kwa mtu: haiishi siku moja, wala haikugeuza umbile lake. Na mafuriko yenyewe yana mzizi mwingine tena, kwa kuwa maji ya Rufiji hayatoki Kibiti. Huteremka kutoka nyanda za Iringa na bonde la Kilombero, hata mtu wa Muhoro akaweza kuona maji yakipanda mlangoni ilhali mbingu juu yake ni nyeupe. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa mwishoni mwa mwaka 2022, maji hayo hupita pia mikononi mwa wanaoendesha malango, na swali la lini yafunguliwe haliwezi kujibiwa kwa kutaja tabianchi.

Lakini mkanganyiko unaoumiza zaidi, kwa maoni yangu, hauko katika habari za maafa, bali katika tangazo la upole linalotolewa kabla ya msimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku zijazo, na mbali na huo hutoa "mwelekeo" wa mvua za masika na za vuli, usemao kwamba zitakuwa za wastani, au juu ya wastani, au chini yake. Wastani huo ni neno la tabianchi, kwa kuwa ni wastani wa miaka thelathini, na kipindi kinachotumiwa sasa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kimeanza 1991 kikaishia 2020. Mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho huhesabiwa kuwa ya wastani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mahali fulani wastani wa mwezi wa Aprili ni milimita 200, yaani lita 200 kwa kila mita moja ya mraba. Basi milimita 150 zikinyesha ni wastani, na 250 vilevile.

Sasa mkulima wa mpunga asikia redioni kwamba mvua zitakuwa za wastani, naye aelewa kuwa zitanyesha kwa kiasi na kwa mpango, leo kidogo na kesho kutwa kidogo. Amwaga mbegu katika udongo mkavu. Mvua yaja, milimita 140 katika siku tatu, sehemu ya mbegu zasombwa, zilizobaki zachipua. Kisha jua lawaka siku kumi na nane na miche yageuka rangi ya majani ya kiangazi. Mwisho wa mwezi zanyesha milimita 60. Jumla ni 200 kamili, tangazo halikukosea hata chembe, na shamba limeharibika. Mkulima akisema wataalamu wamemdanganya, asilaumiwe, kwa kuwa alipewa habari ya tabia akaambiwa kwa lugha inayoshabihi ya hali. Ilipasa aambiwe waziwazi kwamba mwelekeo ni jumla ya msimu, haupangi siku, na kwamba siku ya kumwaga mbegu huchaguliwa kwa utabiri wa siku zile zile.

Kosa la kinyume chake hulifanya msomaji wa mjini, ambaye kila mto ukifurika husema tabianchi imebadilika, na kila asubuhi ya baridi mwezi wa Julai husema joto la dunia ni uzushi. Rufiji ilifurika vibaya mwaka 1968, na baada ya mafuriko hayo serikali iliwahamisha watu wa bondeni hadi ardhi ya juu katika ile Operesheni Rufiji. Ikafurika tena mwaka 1974. Gharika moja haithibitishi kitu, wala masika moja ya ukame haibatilishi kitu. Linalojulikana ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kuchukua mvuke zaidi kwa takriban asilimia saba, na mvuke huo, mvua inapokuja, ndio unaoteremka. Kwa hiyo joto la dunia halizui mafuriko ya Rufiji pasipokuwa na mvua, bali laweza kuitia uzito mvua ambayo ingekuja kwa vyovyote.

Wazee wa Rufiji wana neno mlau, yaani kilimo cha kupanda nyuma ya maji yanayotoka bondeni, katika tope yaliloliacha. Mtu hawezi kulima mlau kwa kuijua hali ya leo peke yake. Ni lazima aijue tabia ya mto, mwezi unaopanda na mwezi unaoshuka. Kama tabia hiyo yenyewe sasa imeanza kugeuka, jambo hilo litaonekana katika daftari la vituo vya mvua, ambako mtu huinama juu ya kipimamvua saa tatu asubuhi kila siku, akasoma milimita, akaandika, hata siku ambayo aandika sifuri.