Pikipiki imekuwa tayari Julai: uchakavu wake uhesabiweje?

Maduka ya jumla ya Kariakoo siku hizi hayamsubiri mteja afike dukani. Oda inaingia kwa simu, mzigo unafungwa, na pikipiki yenye boksi nyuma inaondoka kwenda Sinza, Mbezi au Mbagala. Wengi huanza kwa kukodi bodaboda kwa safari, kisha hesabu ya nauli ikishakuwa kubwa wananunua pikipiki yao wenyewe. Hapo ndipo mhasibu anapopata kazi ambayo dereva haioni: kuamua pikipiki hiyo imeliwa kiasi gani ifikapo mwisho wa mwaka.

Tuchukue kampuni ndogo ya vipodozi inayofunga hesabu zake tarehe 31 Desemba. Katikati ya Juni imelipa shilingi 3,200,000 kwa pikipiki mpya ya sisi 150. Imetumia 150,000 kwa usajili na kuisafirisha hadi dukani, na 250,000 nyingine kwa fundi aliyechomelea keria na kufunga boksi la bati lenye kufuli. Gharama ya pikipiki vitabuni ni 3,600,000, kwa kuwa bila namba na boksi isingeweza kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Bima haimo. Bima ni ulinzi wa miezi kumi na miwili, na huingia kwenye matumizi ya miezi hiyo.

Namba ilifungwa na boksi likakamilika siku ya mwisho ya Juni, pikipiki ikawa tayari tarehe 1 Julai. Tarehe hiyo ndiyo inayohesabika. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu mwaka 2004, na kiwango kinachohusu mali za kudumu, IAS 16, kinasema uchakavu unaanza mali inapokuwa tayari kwa matumizi. Haijalishi risiti ilitoka lini. Haijalishi pia kama dereva alipatikana Agosti: pikipiki iliyoegeshwa stoo ikiwa imekamilika imeshaanza kuchakaa vitabuni. Hata ikilala gereji wiki mbili baadaye, hesabu haisimami.

Yamebaki makadirio mawili, na yote ni ya menejimenti. Kampuni inaona pikipiki itafanya kazi miaka minne, kisha itauzwa kwa fundi wa spea kwa shilingi 600,000 hivi. Kinachopaswa kuliwa ndani ya miaka hiyo minne ni shilingi 3,000,000.

Kwa njia ya mstari mnyoofu, kazi ni nyepesi. Milioni tatu zikigawanywa kwa miaka minne zinatoa 750,000 kwa mwaka, yaani 62,500 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza una miezi sita tu, Julai hadi Desemba, kwa hiyo unabeba 375,000. Miaka mitatu inayofuata inabeba 750,000 kila mmoja. Miezi sita iliyobaki haipotei, inaangukia nusu ya kwanza ya mwaka wa tano, ambao nao unabeba 375,000. Pikipiki ya miaka minne imegusa miaka mitano ya hesabu, na mwisho wake vitabu vinaonyesha 600,000 kamili.

Njia ya salio linalopungua huanzia mahali pengine. Haigawanyi kiasi sawa, bali hukata asilimia ileile kila mwaka kutoka kwenye thamani iliyobaki vitabuni. Asilimia hiyo haiokotwi. Hupatikana kwa kanuni hii:

```
kiwango = 1 − (600,000 ÷ 3,600,000)^(1/4)
```

Jibu ni kama asilimia 36. Ni hapa makosa mengi huzaliwa, kwa kuwa mhasibu aliyezoea mstari mnyoofu huondoa kwanza zile 600,000 za mwisho kabla ya kupiga asilimia. Hazitakiwi kuondolewa. Zimo tayari ndani ya kiwango chenyewe, na ukizitoa tena unazihesabu mara mbili. Asilimia 36 inapigwa kwenye 3,600,000 nzima.

Mwaka wa kwanza, asilimia 36 ya 3,600,000 ni 1,296,000, na nusu yake kwa miezi sita ni 648,000. Salio ni 2,952,000. Mwaka wa pili unakata asilimia 36 ya salio hilo, nao ni mwaka kamili: 1,062,720.

Mkurugenzi akiona tarakimu hizo mbili atauliza, na ana haki ya kuuliza. Njia inaitwa ya salio linalopungua, mbona uchakavu umepanda kutoka 648,000 hadi zaidi ya milioni? Jibu liko kwenye tarehe. Mwaka wa kwanza umebeba miezi sita na wa pili kumi na miwili. Ukizigawa kwa mwezi, mwaka wa kwanza unatoa 108,000 na wa pili 88,560, na mteremko unaonekana. Mali iliyonunuliwa katikati ya mwaka hufanya mwaka wa pili uwe mzito kuliko wote chini ya njia hii. Kampuni inayopanga bajeti kwa kuangalia mwaka wa kwanza peke yake itajidanganya kwa zaidi ya shilingi 400,000.

Mwaka wa tatu uchakavu unashuka hadi 680,141, wa nne hadi 435,290, na miezi sita ya mwisho inabeba 139,293. Salio linaishia 634,556, si 600,000. Tofauti hiyo ya elfu thelathini na nne haina mwizi. Inatokana zaidi na kuukata mwaka nusu mwanzoni na mwishoni: asilimia 18 ikikatwa mara mbili haiondoi kiasi kile kile kinachoondolewa na 36 ikikatwa mara moja. Hurekebishwa mali inapouzwa.

Wapo wanaokwepa kugawa miezi kwa kutumia desturi ya zamani: mwaka wa kununua unabeba uchakavu wa mwaka mzima, mwaka wa kuuza haubebi chochote. Kwa ofisi yenye viti mia na meza hamsini desturi hiyo haidhuru sana. Kwa kampuni ambayo pikipiki ndiyo mali yake kubwa, inafanya miezi sita ibebe 1,296,000 badala ya 648,000, na faida ya mwaka ule inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Mkaguzi makini ataihoji.

Njia ipi basi inasema kweli? IAS 16 haichagui. Inataka njia ifuate namna manufaa ya mali yanavyotumika, na inakataza kuufungia uchakavu kwenye mapato ya mauzo. Jibu lazima litafutwe kwenye pikipiki yenyewe, na pikipiki ya kusambaza mizigo si kama ya kwenda ofisini. Inatembea siku nzima, imebeba, na inasimama na kuondoka kwenye foleni kila baada ya dakika chache. Mwaka wa kwanza inadai oili, breki na tairi la nyuma. Baadaye zinakuja cheni na sproketi, klachi pleti, shokapu. Kisha kuna siku fundi anasema injini ifunguliwe, na siku hiyo hakuna mzigo unaofika Mbagala.

Matengenezo hayo ya kawaida huingia kwenye matumizi ya mwaka yanapotokea. Yakiongezeka huku uchakavu ukibaki palepale, miaka ya mwisho inabeba mzigo mara mbili. Salio linalopungua linaweka uchakavu mkubwa miaka ambayo gereji haijaanza kudai, na mdogo pale inapodai. Lakini kampuni yenye fundi mzuri, ambayo pikipiki yake ya mwaka wa tatu inapeleka vifurushi vilevile kwa siku zilezile, haina sababu ya kuuacha mstari mnyoofu. Daftari la dereva linalojazwa kilomita na siku za gereji lingemaliza ubishi huu, ila madaftari hayo mara nyingi huishia wiki ya pili.

Tofauti huonekana wazi zaidi pikipiki ikiuzwa mapema. Tuseme kampuni inaiuza mwisho wa Juni, miaka miwili kamili tangu ianze kazi, kwa 1,500,000. Kwa mstari mnyoofu vitabu bado vinaonyesha 2,100,000, na hasara ya 600,000 inaangukia mwaka mmoja. Kwa salio linalopungua vitabu vinaonyesha 1,549,210, na hasara ni 49,210 tu. Fedha iliyoingia mkononi ni ileile. Kilichobadilika ni miaka iliyobebeshwa mzigo. Hasara kubwa namna hiyo, ikijirudia kwa kila pikipiki inayouzwa, ni dalili kwamba miaka minne ilikuwa mingi au thamani ya mwisho ilikadiriwa kwa matumaini.

Kuna wanaochagua njia wakidhani watapunguza kodi. Kwa kampuni ya Tanzania hilo halipo. Mamlaka ya Mapato, TRA, haitumii uchakavu wa vitabuni. Katika kukokotoa kodi, uchakavu ulioandikwa na mhasibu unarudishwa kwenye faida, kisha unakatwa ule wa Sheria ya Kodi ya Mapato. Jedwali la Tatu la sheria hiyo linaweka magari madogo na ya mizigo ya chini ya tani 7 kwenye daraja la kwanza, kwa asilimia 37.5 ya salio linalopungua, na humo ndimo pikipiki ya mizigo huingizwa. Mali za daraja moja hukusanywa kwenye fungu moja, na kiwango kinapigwa kwenye salio la fungu mwishoni mwa mwaka. Mwezi wa kununua haugawi chochote.

Kama pikipiki yetu iko peke yake kwenye fungu, mwaka wa kwanza inapata punguzo la 1,350,000 ingawa ilifanya kazi miezi sita. Aliyeandika 375,000 vitabuni na aliyeandika 648,000 watalipa kodi sawa. Kinachotofautiana ni kodi iliyoahirishwa kwenye mizania: kwa kiwango cha kodi ya makampuni cha asilimia 30, wa kwanza ana 292,500 na wa pili 210,600. Mfanyabiashara mmoja mmoja anayekadiriwa kodi kwa mauzo yake, bila hesabu zilizokaguliwa, uchakavu haumpunguzii kodi hata senti, ingawa bado unamfaa anapopanga bei ya kupeleka mzigo.

Kwa kampuni inayobadilisha pikipiki kila baada ya miaka miwili au mitatu, salio linalopungua ndilo linalokaribia bei ya sokoni na kuepusha hasara za ghafla. Kwa inayotumia pikipiki mpaka ibaki ya spea, mstari mnyoofu unatosha, mradi muda wa matumizi usirefushwe ili kupamba faida. Aliyekwisha kuchagua hafungwi milele: IAS 16 inataka njia, muda na thamani ya mwisho viangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha. Mabadiliko huchukuliwa kama mabadiliko ya makadirio, yanaanzia kwenye salio lililopo na kwenda mbele, na hesabu za miaka iliyopita haziguswi.