Mchakamchaka unaweza kusubiri wiki nane

Jumamosi alfajiri, kabla daladala hazijajaza barabara, mitaa mingi ya Dar es Salaam huamshwa na nyimbo za mchakamchaka. Klabu za joging hupita kwa safu, fulana za rangi moja, kiongozi akiimba na wenzake wakiitikia, vishindo vya raba vikifuata wimbo. Mwisho wa safu mara nyingi yupo mgeni: mtu mzima, mnene, fulana bado mpya, ameambiwa na daktari apunguze uzito. Wiki ya kwanza anajikaza. Wiki ya pili ugoko unaanza kuuma. Wiki ya tatu haonekani, na ukimuuliza atakwambia magoti yake hayataki mazoezi.

Magoti yake yanataka, ila yameanzishiwa mahali pasipo pake. Ili kuona wapi pangefaa, tumchukue mama mmoja wa mfano, mwenye umri wa miaka 43, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 92. Anafanya kazi ya kukaa, hana maumivu ya viungo, na hajakimbia tangu amalize shule.

Tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo yaliyomtoa kitandani. Akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kila kilo ya mwili wake huunguza takriban kalori 2.5 kwa saa, juu ya zile ambazo zingeungua hata kama angekaa kwenye kochi. Akikimbia polepole, kilomita 8 kwa saa, hesabu hiyo hupanda hadi karibu kalori 7. Kwa hiyo dakika 45 za kutembea zinampa kama kalori 170, na dakika 20 za kukimbia zinampa kama 215. Ukihesabu kwa dakika, joging inashinda kwa karibu mara tatu, na hakuna sababu ya kulificha hilo.

Lakini mwili hauhesabu kwa dakika moja. Mama huyu anaweza kutembea siku tano kwa wiki bila kuumia, na hizo ni kalori 850. Kukimbia dakika 20 mfululizo hawezi bado. Na hata angeweza, mtu anayeanza huhitaji siku ya kupumzika baada ya kila siku ya mbio. Siku tatu za mbio zingempa kama 645, tena kama hakuna wiki aliyolala na barafu kwenye goti. Kwa anayeanza, mazoezi yanayoweza kurudiwa kesho ndiyo yanayounguza zaidi mwisho wa mwezi.

Hapa pana ukweli mwingine ambao wauzaji wa mashine za mazoezi hawapendi kuutaja. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Kalori 850 kwa wiki, kwa wiki 12, ni kama kilo moja na robo tu, ikiwa chakula chake hakijabadilika. Soda moja ya mililita 350 ina karibu kalori 150, yaani inakaribia kufuta matembezi yote ya jioni. Huko Carolina Kaskazini, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miezi 18 watu wazima 454 wanene waliokuwa na magoti yaliyosagika, na matokeo yakatoka mwaka 2013. Waliofanya mazoezi peke yake, kutembea na kuimarisha misuli, walipungua kama kilo 2. Waliobadilisha chakula peke yake walipungua karibu kilo 9. Waliofanya yote mawili walipungua zaidi ya kilo 10, na hao ndio waliobaki na maumivu madogo kuliko wote.

Basi mguu hauwezi kulipa deni la sahani. Kazi ya mguu, katika miezi ya mwanzo, ni kulinda misuli isipotee pamoja na mafuta, kushusha sukari ya damu, na kuliandaa goti kwa mzigo mkubwa zaidi baadaye. Na goti lenyewe ndilo linalohitaji kueleweka.

Wakati wa kutembea, mguu mmoja haujaondoka chini kabla mwingine haujafika. Ardhi humsukuma mtembeaji kwa nguvu inayozidi uzito wake kidogo tu. Kwa mama wa kilo 92, ni kama kilo 110. Katika joging kuna nukta ambapo miguu yote miwili iko hewani, kisha mmoja unatua na kubeba kila kitu: mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito, yaani kati ya kilo 184 na 230. Ndani ya goti kwenyewe nguvu ni kubwa zaidi, kwa sababu misuli ya paja hulibana goti ili lisikunjike. Watafiti wakiongozwa na Ross Miller walipolipima jambo hilo mwaka 2014, walikuta kilele cha mzigo ndani ya goti ni karibu mara tatu ya uzito wa mwili katika kutembea, na karibu mara nane katika kukimbia.

Mtu akiishia hapo, ataapa hatakimbia tena. Ila utafiti huohuo ulionyesha kitu cha pili. Anayekimbia hupiga hatua ndefu, na mguu wake hukaa chini muda mfupi mno. Ukijumlisha mzigo wote ambao goti limebeba kwa kilomita nzima, mbio na matembezi hukaribiana. Hii inasaidia kueleza kwa nini uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 ulikuta kusagika kwa goti au nyonga kwa watu 3 hadi 4 katika kila 100 wanaokimbia kwa kujifurahisha, na kwa watu 10 katika kila 100 wasiokimbia. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa kama sifongo, na kukaa tu kunalinyima goti mlo.

Tahadhari ni kwamba wakimbiaji wa tafiti hizo kwa sehemu kubwa ni watu wepesi waliozoea. Ukubwa wa kilele cha mzigo hauumizi sana mwili uliojiandaa. Unaumiza ule ulioshtukizwa. Na mwili hujiandaa kwa kasi mbili tofauti. Moyo na mapafu hupata nafuu ndani ya wiki tatu hivi. Kano na mifupa huhitaji miezi. Tena mfupa unaoanza kubebeshwa mzigo mpya huchimbua kwanza tishu ya zamani kabla ya kujenga mpya, kwa hiyo kuna wiki chache ambapo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana balaa huja wiki ya tatu: pumzi imeanza kutosha, mtu anafurahi, anaongeza kasi, na ugoko haujamaliza ujenzi. Nchini Denmark, watafiti waliofuatilia wanene wanaoanza kukimbia waliona kwamba waliovuka jumla ya kilomita 3 katika wiki ya kwanza walielekea kuumia zaidi.

Kwa mama wetu, hesabu hizi zinaleta ratiba iliyo wazi. Wiki ya kwanza atembee dakika 20, siku tano. Kila wiki aongeze dakika 5, hadi afike 45 wiki ya sita, na abaki hapo mpaka ya nane. Mwendo ni ule wa mtu anayewahi basi bila kukimbia: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Akiwa na uwanja wenye njia ya mbio ya mita 400, mzunguko mmoja umchukue chini kidogo ya dakika 5. Siku mbili kwa wiki ainuke na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10, kwa awamu tatu, kwa sababu misuli ya paja ndiyo inayomeza mshtuko kabla haujafika kwenye gegedu.

Wakazi wa Mwanza, Lushoto au Bukavu wana hazina wasiyoihesabu: vilima. Watafiti wa Colorado waliwapima watu wanene wakitembea polepole, chini ya kilomita 3 kwa saa, kupanda mwinuko wa nyuzi 6, yaani kama mita 10 za kupanda katika kila mita 100. Kazi ya moyo ilikuwa sawa na ya mwendo wa haraka kwenye tambarare, au zaidi kidogo, na magoti yalibeba mzigo mdogo. Ni njia ya kupata jasho la mchakamchaka kwa mguu wa matembezi. Kushuka ni habari nyingine: hapo paja hufunga breki kila hatua na kifuniko cha goti hugandamizwa, kwa hiyo ashuke taratibu kwa hatua fupi. Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ni tambarare, ngazi za jengo la ofisi zinafaa, akipanda kwa miguu na kushuka kwa lifti.

Wiki ya tisa anaweza kuonja mbio. Atembee dakika 10 kupasha mwili, kisha akimbie dakika moja na kutembea dakika mbili, mara sita, siku tatu zisizofuatana. Kila dakika ya mbio ni kama mita 125, kwa hiyo siku nzima inampa mita 750, na wiki nzima kilomita 2 na robo, chini ya ule mpaka wa Denmark. Siku nyingine aendelee kutembea. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu utue chini ya kiwiliwili na usitangulie mbele, maana hatua ndefu ndiyo inayolipiga goti.

Kama wakati huo chakula kimemsaidia kupungua kilo 5, goti lake limepata zaidi ya hizo 5. Stephen Messier na wenzake, kundi lilelile la Carolina Kaskazini, walionyesha mwaka 2005 kwamba kwa wanene wenye magoti yaliyosagika, kila kilo inayopungua huondoa kilo 4 za mzigo kwenye goti katika kila hatua. Kilo 5 ni kilo 20 kwa hatua, na kila goti hupiga hatua kama 675 katika kilomita moja ya matembezi: tani 13 na nusu ambazo halizibebi tena.

Kipimo cha kila siku ni asubuhi ya pili. Paja zito na misuli inayovuta ni kawaida. Maumivu yaliyojitokeza mazoezini na kutulia kufikia asubuhi yanavumilika, arudie kiwango kilekile bila kuongeza. Yakiwa bado yapo anaposhuka ngazi au anapokanyaga sakafu kutoka kitandani, amezidisha, arudi kwenye kutembea kwa wiki moja. Goti likivimba, au kukiwa na sehemu moja ya ugoko, ndogo kama ncha ya kidole, inayouma sana ikibonyezwa, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Aache mbio kabisa na kumwona daktari. Maumivu ya kifua au kizunguzungu hayasubiri asubuhi. Na mwenye presha au anayetumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya wiki ya kwanza, kwa kuwa kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kubadilishwa kadiri kilo zinavyoshuka.