Maswali 30 kwa siku, na benki moja

Muuguzi wa Kenya anayetafuta leseni ya Marekani husubiriwa na mtihani wa NCLEX-RN. Wenzake humshauri anunue benki mbili za maswali, UWorld na Archer, na ajibu maswali 150 kila siku. Mimi namshauri anunue moja, na aanze kwa kuhesabu saa alizo nazo.

Kabla ya kulipa, pata maswali machache ya majaribio usome maelezo yaliyo chini ya jibu. Chukua swali la mgonjwa anayetumia dijoksini: anatapika, anaona vitu kwa rangi ya njano, na potasiamu yake ni 2.9. Ufanye nini kwanza? Usimpe dozi inayofuata. Benki dhaifu itaishia hapo. Nzuri itakueleza kwamba potasiamu ikishuka, dijoksini huwa sumu kwa urahisi zaidi, kisha itakuonyesha kwa nini kila jibu lingine linapotosha. Angalia pia kama ina visa virefu vyenye maswali sita sita, kwa kuwa tangu Aprili 2023 mtihani wenyewe unavyo.

Sasa idadi. Tuseme muuguzi anafanya zamu za mchana na jioni hubaki na saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Kujibu swali moja humchukua kama dakika moja na nusu. Kusoma maelezo na kuandika kosa lake daftarini humchukua tatu na nusu. Jumla ni dakika tano, kwa hiyo ana nafasi ya maswali 30. Akisoma siku tano kwa juma, majuma kumi yatampa maswali 1,500. Akilazimisha 150, kuyajibu tu kutakula karibu saa nne, na kitakachoachwa ni kusoma maelezo, ambako ndiko somo liliko.

Utajuaje umezidisha? Asubuhi chagua makosa matatu ya jana, ujieleze bila kufungua simu kwa nini jibu lako halikufaa. Ukikwama kwa mawili, punguza maswali kumi leo.

Asilimia ya benki isikutishe wala isikulewesha. Ukirudia maswali yale yale alama hupanda, kwa sababu unakumbuka jibu, hata kama hujalielewa. Mtihani wenyewe una maswali kati ya 85 na 150, na kompyuta hukupa gumu zaidi kila unapopatia, hivyo hata wanaofaulu hukosa mengi. Ndiyo maana ni vizuri kuzoea kuchanganya mada na kuweka saa: moyo, wajawazito, watoto, dawa, vyote katika kikao kimoja. Wodini pia wagonjwa hawaji kwa kufuata sura za kitabu.