Dawa zinaleta njaa: mizani na sahani ya mgonjwa wa kifua kikuu

Katika kutembelea wagonjwa wa kifua kikuu huku Kivu tunasikia neno moja karibu katika kila nyumba: "Muchungaji, dawa hizi zinaleta njaa." Wengine wanaziacha kwa sababu hiyo. Dawa zenyewe ni za bure, lakini chakula si cha bure, na mtu anaona afadhali kukohoa kuliko kuamka usiku tumbo likiuma kwa njaa mbele ya watoto.

Njaa hiyo si ubaya wa dawa. Ugonjwa unakula mwili: homa inachoma nguvu, hamu ya chakula inakufa, nyama ya mikono na mapaja inayeyuka. Dawa zinapoanza kushinda vijidudu, kwa kawaida ndani ya majuma machache, mwili unadai kile ulichonyang'anywa. Kwa hiyo njaa inayorudi ni habari njema iliyofika katika nyumba isiyo na akiba. Tuwafundishe watu hivyo siku ya kwanza ya matibabu, wasije wakashituka.

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa parokia yetu. Alipoanza dawa alikuwa na kilo 47 na urefu wa mita 1,68. Muuguzi aligawanya kilo kwa urefu, kisha akagawanya tena kwa urefu: 47 kwa 1,68, halafu tena kwa 1,68, akapata 16,7. Mtu mzima aliye chini ya 18,5 amepungukiwa na chakula. Chini ya 16 hali ni ya hatari, na mgonjwa kama huyo aangaliwe na hospitali kwanza, kwa sababu mwili uliokauka sana ukilishwa kwa haraka unaweza kuvimba na moyo kushindwa. Baba huyu alikuwa anatembea na anaweza kula, basi akatibiwa nyumbani, vidonge 3 kila asubuhi.

Baada ya mwezi mmoja mizani ilisoma 46,5. Kikohozi kilikuwa kimepungua na yeye alisema anaendelea vizuri, lakini muuguzi hakuridhika, na alikuwa na haki. Katika miezi miwili ya kwanza tunataka mgonjwa aliyekonda aongezeke walau sehemu 5 kwa 100 za kilo zake. Kwake yeye hiyo ni kilo 2 na nusu hivi, yaani afikie 49,5. Hesabu hii ina msingi. Katika jimbo la Jharkhand, huko India, waganga waliwapa wagonjwa karibu 2800 chakula kila mwezi pamoja na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2023: walioongezeka sehemu 5 kwa 100 katika miezi miwili ya kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo zaidi kwa asilimia 61.

Mizani nayo inaweza kudanganya. Ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka. Sindano iwe kwenye sifuri. Mgonjwa avue viatu na koti, na apimwe kwa mizani ileile kila mara. Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, karibu na kifundo. Kikibaki kishimo, kilo zilizoongezeka zinaweza kuwa maji, si nyama, na huyo anarudishwa kwa muganga.

Tulikwenda nyumbani kwa baba huyo tukiwa na muuguzi. Ilionekana kwamba alimeza vidonge saa kumi na moja asubuhi bila kitu tumboni, akasikia kichefuchefu mpaka mchana, na siku nyingine alitapika. Jioni alikula bugali na sombe. Maharagi aliwaachia watoto. Tena, tunasema kwa haya, kila Jumatano na Ijumaa alikuwa anafunga pamoja na kikundi cha maombi akiomba uponyaji. Hakuna aliyemkataza, wala sisi. Tangu siku ile tunasema wazi: mgonjwa wa kifua kikuu aombewe, asifunge.

Kuhusu kichefuchefu: rifampisini inaingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini dawa iliyotapikwa haisaidii kitu. Basi muuguzi akamruhusu kunywa nusu kikombe cha uji mwepesi pamoja na vidonge, na chakula kamili baadaye. Mkojo wake kuwa mwekundu kama machungwa ni rangi ya rifampisini tu. Miguu iliyomwaka moto usiku ilitokana na izoniazidi, ambayo inapunguza vitamini B6 mwilini, hasa kwa mtu aliyekonda au anayekunywa pombe. Akapewa kidonge kidogo cha vitamini hiyo kila siku. Ila macho yakiwa ya manjano, au mtu akitapika bila kukoma, ini limeguswa: asimeze tena, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akianza kuona vibaya, kwa maana etambutoli inaweza kuumiza macho.

Sasa chakula. Zamani tulipeleka kwa wagonjwa sukari, fanta na mkate. Ni ukarimu, lakini havijengi nyama. Wamama mashemasi walipanga kifurushi cha mwezi: unga wa mahindi kilo 5, maharagi kilo 3, karanga kilo 1 na mafuta ya mawese litri 1. Tulipopiga hesabu, kinampa mtu karibu kalori 1400 na gramu 44 za protini kila siku, juu ya kile anachokula nyumbani. Sambaza kavu zikipatikana, ziongezwe. Mgonjwa ambaye bado hana hamu ale kidogo kidogo mara tano: uji wa masoso wenye kijiko cha mafuta na karanga zilizopondwa unabeba nguvu nyingi katika kikombe kimoja. Chupa za vitamini za bei kali zinazouzwa sokoni hazitaleta kilo hizo.

Kifurushi cha mtu mmoja, hata hivyo, kinaliwa na nyumba nzima. Baba gani atakula karanga watoto wakimtazama? Huko Jharkhand waliligundua hilo, na sehemu ya familia wakawapa pia watu wa nyumbani mchele na kunde. Katika nyumba hizo ugonjwa mpya ulipungua kwa karibu asilimia 39. Sisi hatuna mali ya namna hiyo. Tuliongeza maharagi kilo 4 kwa ajili ya watoto, na sahani ya baba ikaacha kugawanywa.

Mwezi wa pili alifikia 49,5 na makohozi hayakuonyesha tena vijidudu. Kama asingeongezeka, muuguzi angetafuta zaidi: je, anameza kweli? Ana sukari, au virusi vya ukimwi? Au vijidudu vyake vinakataa dawa? Hapo maharagi peke yake hayatatui kitu. Mwezi wa tano alifika kilo 55, na hapo muuguzi akatazama tena kadi yake, kwa sababu vidonge vinafuata uzito: kwa kipimo walichotumia, kilo 38 hadi 54 ni vidonge 3, kuanzia 55 ni 4. Mgonjwa anayenenepa bila kupimwa anaweza kumaliza matibabu akiwa anameza dawa ya mtu mdogo kuliko yeye.

Alimaliza miezi sita akiwa na kilo 56. Mke wake na watoto walipimwa wote, na mizani ya kituo inaendelea kumwona mara moja kwa mwezi.