Maswali ya patholojia (4): Taya la mtoto na majibu matano

Wiki iliyopita gazeti hili liliripoti kuhusu wanafunzi wa udaktari wanaorushiana maswali ya mitihani kwenye simu. Nimeyasoma baadhi. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba maswali yenyewe hayana mgonjwa ndani yake. Mfano: “Lipi kati ya haya ni kweli kuhusu limfoma ya Burkitt?” Hapo mwanafunzi hupimwa kukariri tu.

Shina na vipotoshi tulikwisha kuvieleza, kwa hiyo leo nachukua mstari mmoja wa daftari la mwanafunzi wa mwaka wa 3 tuutungie swali: “Burkitt – mtoto, taya, EBV kwa wagonjwa wote, 8;14, MYC, anga lenye nyota.”

Nyuma ya mstari huo kuna historia ya kwetu, nayo haifundishwi inavyostahili. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Wengine wangesema ni bahati mbaya ya watoto wawili. Yeye alirudi kwenye majalada ya wagonjwa, akakuta wengine, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Walikuta kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, na hupungua nyanda za juu zenye baridi. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege ndimo Epstein, Achong na Barr walimogundua virusi vya EBV mwaka 1964. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki asiyejua haya amenyimwa haki yake.

Turudi kwenye daftari. Kabla ya kutunga chochote, hakiki kila neno, maana kosa la daftari likiingia kwenye swali litasambaa kwa darasa zima. Hapa “EBV kwa wagonjwa wote” si sahihi. Katika ukanda wetu virusi hivyo hupatikana karibu kwa wagonjwa wote, lakini Ulaya na Marekani hupatikana kwa wachache tu. Kwa hiyo EBV haifai kuwa jibu kama shina halisemi mtoto anatoka wapi. Kilicho imara zaidi ni MYC, basi tuulize hilo:

Mtoto wa miaka 6 kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria ana uvimbe wa taya uliokua upesi kwa wiki 4, na meno yamelegea. Kipande cha uvimbe chini ya hadubini kina seli B za ukubwa wa kati zinazofanana, nyingi zikigawanyika, na katikati yake makrofaji zenye mabaki ya seli zilizokufa. Ni uhamisho upi wa vipande vya kromosomu unaotarajiwa zaidi?

A. 8 na 14
B. 9 na 22
C. 11 na 14
D. 11 na 22
E. 14 na 18

Majibu yote ni ya aina moja, na yamepangwa kwa namba ili mpangilio usimfichue mtunzi. Funika majibu: anayejua ugonjwa ataweza kujibu kwa shina peke yake. Neno “Burkitt” halimo, wala “anga lenye nyota”, kwa sababu hayo yangemwepusha mwanafunzi kumfikiria mtoto.

Maelezo ya jibu ndipo wengi huwa wavivu. Kuandika “jibu ni A” hakumfundishi aliyekosea. Andika hivi: uhamisho wa 8 na 14 huiweka jeni ya MYC karibu na jeni ya kingamwili, ambayo katika seli B huwa inafanya kazi wakati wote, na seli zikagawanyika bila kukoma. D ndiyo kipotoshi chenye nguvu, kwani sarkoma ya Ewing nayo huwapata watoto na kushambulia mifupa, lakini seli zake si seli B. C ni ya limfoma ya seli za mantle na E ni ya limfoma ya folikuli, zote za watu wazima hasa. B hujulikana zaidi kwa lukemia sugu ya mailoidi, ambayo haianzi kwa uvimbe wa taya.

Baada ya mtihani, tazama nani alichagua nini. Kipotoshi kisichochaguliwa na yeyote kibadilishwe. Na wanafunzi waliofanya vizuri kwenye karatasi nzima wakikimbilia D kuliko A, usiwalaumu kwanza. Rudi kwenye shina uone kama maneno “seli B” yalipotea wakati wa kuchapa.