Mteja Anasema Amelipa, Wewe Huoni Kitu

Mteja wa duka la vitenge ameandika mara ya tatu: “Nimeshalipa 45,000 tangu jana, mzigo wangu uko wapi?” Muuzaji akajibu: “Hujalipa. Tuma ushahidi.” Hapo mteja ameshaitwa mwongo, na ugomvi umeanza.

Tatizo liko kwenye “hujalipa”. Muuzaji anajua kitu kimoja tu: kwenye taarifa yake ya miamala hela haionekani. Huenda mteja amekosea tarakimu moja ya namba, na hela imekwenda kwa mtu mwingine. Jibu liseme kile kinachojulikana, kisha liombe kitu mahususi:

“Pole kwa usumbufu, dada. Nimepitia miamala ya jana na leo, sijaiona 45,000 kwa jina lako. Naomba unitumie ule ujumbe wa M-Pesa uliopata baada ya kulipa, wenye kumbukumbu ya muamala, saa na jina la aliyepokea. Salio lako unaweza kulificha. Nikiupata nitaufuatilia leo hii.”

Jina la mpokeaji ndilo linalomaliza kesi nyingi. Likiwa si la duka, mteja mwenyewe ataona, na ataanza kuomba mtandao wake umrudishie, mapema kabla hela haijatolewa. Likiwa la duka, usitoe mzigo bado: ujumbe huhaririwa kirahisi. Tafuta kumbukumbu ile kwenye taarifa yako. Namba ya siri usiiombe kamwe.